Kabla hujasaini barua ya PhD ya Marekani: pesa inatoka mfuko gani, na itadumu hadi lini

Wengi wanaopata nafasi ya PhD Marekani husoma mstari mmoja tu wa barua, ule wenye tarakimu ya dola. Wanaizidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo, wanaona mamilioni, na simu inapigwa nyumbani. Kumbe mstari huo ndio unaosema machache kuliko yote. Ukitaka kujua kama utamaliza masomo bila kudaiwa na mtu, tafuta kwanza pesa hiyo inatoka mfuko wa nani. Mwenye mfuko ndiye anayepanga utafanya kazi gani na kwa saa ngapi, na ndiye atakayekuita siku moja akuambie imekwisha.

Nitabaki Marekani, kwa sababu kila nchi ina utaratibu wake na kuzichanganya ndiko kunakopoteza watu. Norway na Uswidi, kwa mfano, mwanafunzi wa PhD kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, na wengi huajiriwa kwa sehemu ya nafasi moja ya kazi. Uingereza ada ya mgeni huwa kubwa kuliko ya mwenyeji, na lazima ijulikane nani atafidia tofauti hiyo. Marekani, barua moja hubeba vitu vitatu kwa mpigo: posho ya kujikimu, msamaha wa ada ya masomo, na bima ya afya au sehemu yake. Vitatu hivyo vimefungwa kwenye fundo moja. Fundo likifunguka, vyote vinadondoka pamoja.

Hatua ya kwanza: tambua mfuko

Mifuko mikubwa ni mitatu.

Wa kwanza ni wa idara. Idara ina maelfu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaohitaji kufundishwa maabara, kusahihishiwa kazi na kusaidiwa nje ya darasa. Kazi hiyo inapewa wanafunzi wa PhD, nao huitwa TA, yaani wasaidizi wa ufundishaji. Kiwango cha kawaida ni saa 20 kwa wiki, na barua nyingi huandika kuwa ni ajira ya asilimia 50. Wiki nyingine utatumia saa 12, na wiki ya mitihani ya katikati ya muhula utakaa na rundo la ripoti za maabara za wanafunzi 60 huku ukiwa na mtihani wako mwenyewe keshokutwa. Uzuri wa mfuko huu ni uthabiti: wanafunzi wa fizikia na hesabu ya mwaka wa kwanza hawaishi, kwa hiyo kazi haiishi.

Kuna jambo linalowakuta watu wetu hapa. Vyuo vingi humtaka TA ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza athibitishe kuwa anaweza kuzungumza mbele ya darasa, ama kwa alama za sehemu ya kuzungumza ya TOEFL, ama kwa mtihani wa chuo chenyewe. Kusoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu hakukuondolei sharti hilo kila mahali, maana kila chuo kina orodha yake ya nchi zinazosamehewa. Uliza mapema. Asiyefaulu anaweza kupewa kazi ya kusahihisha tu, au akaambiwa ufadhili wake usubiri.

Mfuko wa pili ni wa msimamizi. Profesa aliandika andiko la mradi, akashinda ruzuku ya utafiti kutoka NSF, shirika la serikali kuu linalofadhili sayansi, NIH, lile la utafiti wa afya, wizara fulani au kampuni, na ndani ya bajeti hiyo ametenga fungu la mwanafunzi. Ukilipwa hapo unaitwa RA, msaidizi wa utafiti. Ni kazi nzuri kwa sababu mara nyingi utafiti unaolipiwa ndio huohuo unaoandikia tasnifu yako. Ila ina mwisho wenye tarehe.

Wa tatu ni ufadhili wa chuo au taasisi usiodai kazi, ambao mara nyingi hutolewa mwaka wa kwanza kama chambo, kisha mwaka wa pili unahamishiwa TA au RA. Usihangaike na kila ufadhili mkubwa unaousikia ukitajwa. Ufadhili wa NSF wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, pamoja na ruzuku za mafunzo za NIH, ni kwa raia wa Marekani na wakazi wa kudumu. Hilo halikuzuii kulipwa kama RA kutoka ruzuku ya kawaida ya NSF au NIH ya msimamizi wako. Uraia hauulizwi hapo.

Hatua ya pili: chungulia mfuko wa msimamizi kabla hujamwandikia

Hii ndiyo hatua ambayo karibu hakuna mtu anayeifanya, na haina gharama yoyote. Ruzuku za serikali kuu ya Marekani ziko wazi kwa umma. Fungua nsf.gov/awardsearch, au kwa mambo ya afya na tiba reporter.nih.gov, andika jina la profesa, utaona miradi yake yote. Kwenye ukurasa wa mradi wa NSF tazama sehemu mbili: Start Date na End Date. Kisha tazama kiasi kilichotolewa.

Tuseme unaomba kuanza Agosti 2027, na mradi wa profesa unaisha Julai 2028. Hapo pesa inayoonekana inakutosha mwaka mmoja, na PhD ya Marekani huchukua miaka mitano au zaidi. Si lazima ukimbie. Ruzuku nyingi za NSF ni za miaka mitatu hivi, na za NIH zile kubwa hufika mitano, kwa hiyo kila profesa anayefanya kazi huishi kwa kuandika maandiko mapya kabla ya zamani kuisha. Mara nyingi pia huongezewa mwaka mmoja bila kuongezewa pesa, ili atumie kilichobaki. Lakini sasa unajua swali la kumuuliza, na atajua umejiandaa.

Usidanganywe na ukubwa wa kiasi. Chukua ruzuku ya dola 450,000 kwa miaka mitatu. Ukiisikia unaona profesa tajiri. Sasa hesabu mwanafunzi mmoja anavyomgharimu. Tuseme posho ni dola 32,000 kwa mwaka, bima na stahili nyingine 4,000, na ada ambayo mradi unailipa chuo ni 18,000. Juu ya hapo chuo hukata fungu lake la umeme, majengo na utawala. Tukiweka asilimia 50, na kwa kuwa kwa kawaida ada haiingizwi kwenye makato hayo, ni nusu ya 36,000, yaani 18,000. Jumla dola 72,000 kwa mwaka, 216,000 kwa miaka mitatu. Mwanafunzi mmoja amekula karibu nusu ya ruzuku kabla profesa hajanunua hata chupa moja ya kemikali. Na huenda tayari ana mwanafunzi mwingine. Ndiyo maana profesa mwenye miradi mitatu anaweza kukujibu kwa ukweli kabisa kwamba mwaka huu hana nafasi.

Hapo pia ndipo ilipo maana ya "msamaha" wa ada. Kwa RA, mara nyingi hakuna aliyesamehe kitu: mradi wa profesa ndio uliolipa. Kwa TA, idara au chuo ndicho kilichobeba. Wewe huoni tofauti kwenye akaunti yako, ila profesa anaiona vizuri sana, na ndiyo sababu baadhi yao hupenda mwanafunzi aanze kama TA miaka miwili ya kozi, halafu ahamie mradi wao kozi zikiisha na ada ikishuka.

Tarehe ya mwisho nayo si ahadi. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikatisha ruzuku nyingi za NSF na NIH zikiwa bado katikati, baadhi ya vyuo vikapunguza udahili wa PhD, na wapo walioondolewa nafasi walizokwisha kupewa. Tangu hapo mimi humshauri mtu yeyote apendelee barua yenye idara nyuma yake kuliko yenye msimamizi peke yake, hata posho ikiwa ndogo kidogo.

Hatua ya tatu: isome barua polepole, kwa kalamu

Ukishaipata barua, pigia mstari majibu ya mambo manne. Lisilojibiwa, liulize kwa barua pepe kwa mratibu wa masomo ya uzamivu wa idara, siyo kwa profesa. Profesa wengi hawajui hata ada ndogondogo za chuo chao ni kiasi gani.

Kwanza, ni miaka mingapi, na nani anaahidi. Ipo tofauti kubwa kati ya "idara itakufadhili miaka mitano, kwa sharti la kuendelea vizuri kimasomo" na "utapata TA mwaka wa kwanza, na ufadhili wa baadaye utategemea upatikanaji wa fedha". Ya pili ni mkataba wa mwaka mmoja uliovaa suti. Ukikutana nayo, uliza swali lisilokwepeka: katika miaka mitano iliyopita, wapo wanafunzi waliokuwa wakiendelea vizuri na wakakosa ufadhili mwaka wa tatu au wa nne? Kisha muulize swali hilohilo mwanafunzi aliyeko mwaka wa nne. Jibu lake ndilo la kulishika.

Pili, ni miezi 9 au 12. Mwaka wa masomo ni miezi 9, Agosti hadi Mei. Barua ya dola 24,000 kwa miezi 9 na ya dola 27,000 kwa miezi 12 zinaweza kumaanisha maisha tofauti kabisa, kwa sababu ile ya kwanza inakuacha Juni na Julai bila senti, ukiwa mgeni ambaye viza yake ya mwanafunzi, F-1, haimruhusu kwenda kutafuta kazi mtaani. Uliza kiangazi wanafunzi wanalipwa na nani.

Tatu, msamaha wa ada unafunika nini. Vipo vyuo vya umma ambavyo husamehe ile nyongeza ya mtu asiye mkazi wa jimbo tu, vikakuachia ada ya mkazi. Vingine husamehe hadi idadi fulani ya krediti, ukizidisha unalipa. Na karibu kila chuo hutoza ada ndogondogo ambazo haziingii kwenye msamaha: teknolojia, afya, michezo, usafiri, ada ya wanafunzi wa kimataifa. Hizo ndizo zinazoumiza, kwa sababu hudaiwa mwanzo wa muhula, kabla ya malipo yako ya kwanza.

Nne, bima ya afya: chuo kinalipa yote, sehemu, au kinakuandikisha halafu kinakuletea bili. Kama unakusudia kwenda na mwenzi na watoto, uliza bima yao pia, na ujue kwamba chuo kitataka uthibitishe pesa ya ziada kwa kila mmoja kabla ya kukutolea I-20, fomu ya chuo unayoombea viza. Mwenzi huingia kwa viza ya F-2, na mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi. Familia inayopanga kuishi kwa mishahara miwili ipange upya.

Hatua ya nne: fanya hesabu hadi uone kinachobaki mkononi

Tuchukue barua ya mfano. TA, saa 20 kwa wiki, dola 24,000 kwa miezi 9, ada ya masomo imesamehewa yote. Ada ndogondogo ni dola 900 kwa muhula, yaani 1,800 kwa mwaka. Bima ni dola 3,600 kwa mwaka, chuo kinalipa robo tatu, kwako inabaki 900.

Kodi sasa. Msamaha wa ada kwa kawaida haukatwi kodi. Posho inakatwa. Mwanafunzi wa F-1 katika miaka yake mitano ya kwanza ya kalenda kwa kawaida huhesabiwa si mkazi kwa kodi, na hilo lina pande mbili. Upande mzuri: hakatwi michango ya hifadhi ya jamii. Upande mbaya: hapewi kile kiwango cha kipato kisichotozwa kodi ambacho Mmarekani hupewa, kwa hiyo anatozwa tangu dola ya kwanza. Zipo nchi zenye mikataba ya kodi na Marekani inayopunguza mzigo huu. Tanzania na Kenya hazina. Kwa viwango vya 2025, asilimia 10 kwa dola 11,925 za mwanzo na asilimia 12 kwa zinazofuata, kodi ya serikali kuu kwa dola 24,000 inakuja kama 2,640. Ya jimbo inategemea ulipo. Texas na Florida hazina, kwingine tuweke 700. Mwaka wa kwanza utakatwa pungufu, kwa kuwa umefanya kazi miezi michache tu kabla ya Desemba.

Toa 1,800, toa 900, toa 2,640, toa 700. Inabaki dola 17,960. Igawe kwa miezi 12, siyo 9, kwa sababu utakula na kulipa pango hata Julai: kama dola 1,500 kwa mwezi.

Je, zinatosha? Hapo mji ndio unaojibu. Nenda livingwage.mit.edu, chagua jimbo na wilaya ya chuo, uone mtu mmoja asiye na watoto anahitaji kiasi gani. Kisha waulize wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko pale wanalipa pango kiasi gani na wanakaa wangapi. Kwenye mji mdogo wa chuo katikati ya nchi, chumba cha kushirikiana nyumba kwa dola 600 kinakuacha na 900, na unaishi. Boston au San Francisco, 1,500 yote inaweza kuishia kwa mwenye nyumba. Barua ya dola 38,000 ya mji ghali inaweza kuwa ndogo kuliko hii ya 24,000.

Ufadhili usiodai kazi una kodi yake ya namna tofauti: si mshahara, na chuo kwa kawaida hukata asilimia 14 moja kwa moja kwa mwenye F-1. Wengine hurudishiwa kidogo wakijaza fomu ya kodi ya 1040-NR mwaka unaofuata. Jaza hata kama unadhani hudaiwi.

Hatua ya tano: jibu kwa wakati, na jadili kwa adabu

Maombi mengi hufungwa Desemba, barua hutoka Februari na Machi. Ipo makubaliano ya vyuo vingi chini ya Baraza la Shule za Uzamili la Marekani kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili halazimishwi kujibu kabla ya Aprili 15. Chuo kikikubana ujibu ndani ya siku tatu, angalia kama kimo kwenye orodha ya waliosaini, kisha wakumbushe kwa upole.

Posho ya TA mara nyingi imepangwa kwa idara nzima, na mahali pengine kwa mkataba wa chama cha wafanyakazi, kwa hiyo kuomba iongezwe ni kupoteza pumzi. Yanayoweza kusogea ni mengine: malipo ya kiangazi cha kwanza, ada ndogondogo za mwaka wa kwanza, fedha za kuhamia, au mwaka mmoja wa RA badala ya TA. Kama una barua nyingine, itaje waziwazi na uiambatishe. Majibu yoyote ya simu yaombee maandishi.

Hatua ya sita: miezi miwili ambayo posho haijaanza

Hapa ndipo watu wenye ufadhili kamili hukopa. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, mwaka 2025 ilikuwa dola 350 na ya viza 185, na nauli juu yake. Ukifika katikati ya Agosti, mwenye nyumba anataka pango la mwezi wa kwanza na amana, mara nyingi sawa na mwezi mwingine. Malipo ya kwanza yanaweza yasiingie hadi mwisho wa Septemba. Kwa mji wa mfano wetu nisingesafiri na chini ya dola 2,000 baada ya nauli. Uliza kama idara hutoa mkopo mfupi au malipo ya awali, na kama ada ndogondogo zinaweza kukatwa kidogokidogo kwenye posho badala ya kulipwa mara moja.

Usitegemee kujazia kwa kazi ya mkahawa wa chuo. F-1 inaruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, na TA ya saa 20 imekwisha kuzimaliza zote.

Baada ya hapo: chunga tarehe

Ukishakuwa RA, kila Januari fungua tena ule ukurasa wa mradi unaokulipa na usome End Date. Ikiwa imebaki mwaka, mwombe msimamizi nusu saa umuulize: muhula baada ya hapo nalipwa na nini? Dalili za hatari zinaonekana mapema. Vifaa vinaanza kuagizwa kwa kusitasita, safari za mikutano zinaahirishwa, mtafiti mwenye PhD anaondoka na hajazibwa, na andiko jipya limerudi mara mbili bila kupita.

Ukiziona, nenda kwa mratibu wa idara kuomba jina lako liwekwe kwenye orodha ya TA ya muhula ujao. Mgao wa TA hupangwa miezi kadhaa kabla, na anayekuja Agosti na shida yake hukuta nafasi zimekwisha, hata kama kila mtu anamhurumia. Kama profesa anahamia chuo kingine, uliza maswali mawili kwa pamoja: kama ruzuku inahama naye, na kama chuo kipya kitakupokea na krediti zako.

Na kabla hujaacha kazi ya TA au RA katikati ya muhula kwa sababu yoyote ile, ugonjwa, ugomvi au mafunzo ya vitendo yaliyojitokeza ghafla, soma kanuni ya chuo kuhusu tarehe. Vyuo vingi vina siku maalumu ya muhula. Ukiacha kazi kabla ya siku hiyo msamaha wa ada unafutwa, na bili ya muhula mzima kwa kiwango cha mtu asiye mkazi inaingia kwenye akaunti yako. Wakati mwingine kusubiri wiki mbili tu kunaokoa dola elfu kumi.